Kwa Nini Breki Inatetemeka

Mtaa mzima ulimwita Fundi Koili, na jina hilo alilipata kihalali. Kwa miaka thelathini na minane alikuwa akisuka upya mota zilizoungua. Pampu ikinuka moshi, feni ikigoma, kinu kikinguruma bila kuzunguka, vyote vilibebwa hadi chumba cha mbele cha nyumba yake. Hapo alitoa waya wa shaba uliokaangika, akahesabu mizunguko yake mmoja mmoja, kisha akarudishia mpya kwa idadi ileile. Hakukubali kukadiria. Mteja aliyethubutu kusema "fundi, weka tu kama sitini hivi" alirudishiwa mota yake mikononi na kuonyeshwa mlango.

Sheria yake ya pili ilikuwa kali kuliko hiyo. Mashine haifunguliwi mpaka mchoro wake umeeleweka, umeme unaingilia wapi na unatokea wapi. Anayefungua bila mchoro, alisema, si fundi, ni mdadisi mwenye bisibisi. Kwa hiyo ilikuwa kejeli kubwa kwamba mashine iliyokuja kumharibikia mwishoni ilikuwa mkono wake mwenyewe wa kulia, na huo haukuja na mchoro.

Ulianza na kidole gumba na cha shahada, vikisuguana kana kwamba vinahesabu kitu kisichoonekana. Baadaye kiganja kizima kikaingia kwenye mchezo. Cha kuudhi ni kwamba mkono ulitetemeka ulipopumzika na kutulia ulipopewa kazi, angalau kwa muda, kisha ukarudi kudunda ilhali ameshika kitu. Fundi akawa mtu wa kushikashika vitu ovyo. Misibani aliukalia. Benki aliutia mfukoni, na funguo zikalia mpaka mlinzi akamsogelea.

Kwenye mkutano wa mtaa alikosa cha kushika, akaegemeza kiwiko kwenye mgongo wa kiti cha mbele. Mkono ukabaki umening'inia juu, unadunda. Wakati huohuo mwenyekiti alikuwa akiuliza nani atajitolea kuongoza kamati ya maji taka. Watu walimwona mzee yule akipunga kwa hamu, wakampigia makofi. Fundi Koili aliona aibu kueleza, na hivyo akaongoza maji taka kwa miaka miwili.

Daktari wa mishipa ya fahamu alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye subira isiyopimwa kwa kijiko. Alimwambia mapema kwamba ni ugonjwa wa Parkinson, akampa vidonge. Vidonge vililegeza ugumu wa mwili na kumrudishia mwendo, lakini mkono haukuvijali. Dozi ikipandishwa, mwili wote ulianza kujinyonganyonga kama wa mtu anayecheza muziki anaousikia peke yake. Ikishushwa, alikakamaa. Baada ya miaka saba ya kupanda na kushuka, daktari akamwita yeye na mkewe, akafunga mlango, akataja upasuaji. Wangepitisha waya mwembamba hadi ndani kabisa ya ubongo na kuweka betri chini ya ngozi ya kifua, ili umeme mdogo upite humo usiku na mchana.

Mkewe, mshonaji mashuhuri mwenye cherehani kwenye kona ya karakana ileile, alisema, "Tunakubali."

"Tunaomba mchoro," alisema Fundi Koili.

Daktari alimtazama, akaona hatanii, akavuta karatasi. Alichora visanduku vitano na kuvipa majina ya kawaida, kwa sababu majina yake halisi, alisema, yaliwekwa na watu waliochukia wanafunzi.

"Hiki ni Mapokezi. Kinapokea maagizo kutoka tabaka la juu la ubongo: nyanyua mkono, shika kikombe. Hiki mwishoni ni Lango. Lango likiwa huru, agizo linarudi juu na mkono unakwenda. Ila mbele ya Lango amekaa Breki, na Breki haibonyezwi ili ishike. Kwa kawaida yake imeshika."

"Kama breki za lifti," alisema Fundi. "Umeme ukikatika inashika yenyewe. Endelea, binti yangu."

"Kutoka Mapokezi kuna njia mbili. Ya kwanza ni fupi: Mapokezi inainyamazisha Breki moja kwa moja. Breki ikinyamaza, Lango linafunguka."

"Hiyo ni ya kwenda."

"Ndiyo. Ya pili inazunguka. Mapokezi inamnyamazisha huyu, Msimamizi. Kazi ya Msimamizi ilikuwa kumtuliza huyu wa tatu, kijidude kidogo kama punje ya dengu, tumwite Mchochezi. Msimamizi akinyamazishwa, Mchochezi anabaki bila wa kumtuliza. Anaichochea Breki, na Breki inakaza."

Fundi alifuata mistari kwa kidole cha mkono wa kushoto, midomo ikicheza. Mkewe alikuwa ameshapotea tangu Mapokezi, akawa anakagua pindo la koti la daktari, ambalo lilishonwa vibaya.

"Kumzima anayezima ni kuwasha," alisema Fundi. "Sawa. Na hiyo ndefu ni ya nini? Nani anataka mwili usiende?"

"Wewe. Ukitaka kushika kikombe, hutaki wakati huohuo kunyoosha mguu na kumkonyeza jirani. Njia fupi inaruhusu unachotaka, ndefu inazuia mengine. Sasa kuna kemikali, dopamini. Inaitia nguvu njia fupi na kuipoza ile ndefu. Kwako seli zinazoitengeneza zimekufa nyingi. Kwa hiyo fupi imedhoofika na ndefu imezidi. Mchochezi hana adabu, na Breki imekaza kutoka pande zote mbili. Ndiyo maana mwili mzito, hatua fupi, uso hautabasamu."

Fundi Koili aliegemea kiti. Miaka saba alikuwa akilishwa maneno ya "ugonjwa wa kawaida kwa umri wako, mzee," na hatimaye mtu amemheshimu kwa mchoro. Ilimgusa, na nusura aseme hivyo. Kisha ufundi wake ukamzidi nguvu.

"Daktari, breki ikikaza, gari linafanya nini?"

"Linasimama."

"Linatetemeka?"

Daktari aliutazama tena mchoro wake.

"Mchoro wako umeeleza uzito wangu. Umeeleza ugumu wangu. Lakini mimi kilichonileta ni huyu," akaunyanyua mkono, nao ukajitambulisha wenyewe. "Huyu yuko kisanduku gani? Halafu lingine. Umesema Mchochezi anafanya kazi kupita kiasi. Na wewe unataka kumwongezea umeme. Mimi mota ikikimbia kupita kiasi siipi umeme zaidi. Naikimbia."

Mkewe alifumba macho. Daktari yeyote mwingine angetazama saa. Huyu aliweka kalamu chini.

"Kutetemeka hakumo kwenye mchoro huu," alisema. "Mchoro unahesabu nani amezidi na nani amepungua, basi. Kutetemeka ni suala la mdundo, na mdundo hauonekani kwa visanduku. Kuhusu umeme, tunajua unasaidia na tumepima unavyosaidia. Jinsi hasa unavyosaidia, wataalamu bado wanabishana."

"Basi wakimaliza kubishana mniite," alisema Fundi Koili. Akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, na karatasi ya ridhaa akaiacha mezani bila sahihi.

Nyumbani mkewe alimkalia kooni siku tatu. Alimkumbusha redio ya shemeji aliyoitengeneza kwa kuipiga kofi, tena kofi lisilo na mchoro wowote. Fundi alijibu kwamba redio ilikuwa ya mtu mwingine, kichwa ni chake. Isitoshe, hali haikuwa mbaya kiasi hicho. Asubuhi mkono ulimsumbua, kweli, na koili alizoweka kabla ya chakula cha mchana zilipinda. Lakini alasiri alikuwa akimeza kidonge, usingizi unamchukua saa mbili, siku nyingine hata tatu, na akiamka na kurudi mezani anakuta kazi yake ni nzuri kuliko alivyoikumbuka. Waya umelala sambamba. Hesabu imetimia. Jambo hili alikuwa amemweleza daktari kila kliniki, na kila kliniki daktari aliandika: alasiri mkono unafanya vizuri.

Mkewe alisikia hayo akainamia cherehani yake, akashona kwa kasi.

Siku ya nne Fundi alikuwa amelazimika kuvaa miwani mipya. Mezani kulikuwa na stata ya pampu, lile gamba la chuma lenye mitaro thelathini na sita ambamo koili hulala. Ncha za koili hufungwa pamoja kwa uzi mzito kabla ya kutiwa vanishi, zisije zikachezacheza na kuungua. Kazi ya uzi ule mafundi huifanya kwa haraka, fundo la nguvu hapa na hapa, imekwisha. Fundi aliisogeza stata kwenye mwanga, akaitazama kwa mara ya kwanza kwa macho yanayoona.

Uzi ulikwenda mshazari, nafasi sawa kwa sawa, kila pigo limejificha chini ya lililotangulia. Mwishoni hakukuwa na fundo. Lilikuwepo, ila lilikuwa limerudishwa ndani chini ya uzi lisionekane, kama linavyorudishwa kwenye pindo la gauni la harusi.

Akanyanyua nyingine iliyosubiri mteja. Pindo. Akashusha ya tatu kutoka rafuni. Pindo.

Alikaa. Mkono wa kulia ulidunda kwenye paja, na kwa mara ya kwanza hakuutafutia cha kushika.

"Tangu lini?" aliuliza.

Cherehani ilinyamaza. Mkewe hakujifanya haelewi. "Tangu pampu ya shule ilipoungua mara ya pili. Miezi kumi na minne."

"Nikiwa nafanya nini?"

"Ukiwa umelala. Nazitoa zako, nazisuka upya, nahesabu. Nimekuona unahesabu miaka yote, nitashindwaje?" Alivuta pumzi. "Ulikuwa ukiamka unafurahi. Ningesema nini?"

Fundi alitaka kukasirika na akakuta hana pa kuanzia. Kilichomjia ni aibu, na nyuma yake huzuni nzito. Miezi kumi na minne alikuwa akisifiwa na wateja kwa kazi ya mtu mwingine, akiitikia kwa kichwa.

"Wa pampu ya shule alisema sijawahi kusuka vizuri hivi," alisema.

"Nilisikia. Nilikuwa nimekaa hapa."

Wakatazamana. Mke ndiye aliyeanza kucheka, ila kicheko kilimwishia njiani akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

"Nimechoka kuwa mkono wako kwa siri," alisema. "Ukitaka niwe mkono wako, niwe hadharani. Hutaki, nenda katengenezwe. Kuchagua ni kwako, lakini alasiri ya leo sinyanyui waya."

Alasiri hiyo hakunyanyua. Fundi alijaribu koili moja kuanzia saa nane hadi kumi na moja, akapata kitu ambacho kuku angekubali kutagia.

Wiki iliyofuata walirudi kliniki. Mkewe alisimulia yote, macho yakiwa kwenye sakafu. Daktari alisikiliza, akafungua faili, akapekua nyuma ukurasa baada ya ukurasa: alasiri vizuri, alasiri vizuri, dozi ya mchana isibadilishwe.

"Kwa hiyo," alisema polepole, "miezi kumi na minne nimekuwa nikimpima mama."

"Na alikuwa mzima kabisa," alisema Fundi Koili.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaandika upya, akirekodi mkono wenyewe kwa saa zake zote, na ukweli ulipowekwa kwenye mstari ulikuwa mbaya. Fundi aliutazama, akaomba kalamu. Alitia sahihi iliyofanana na njia ya mende aliyetoka kwenye wino.

"Mchoro wako bado haujakamilika," alisema. "Natia sahihi kwa sababu mke wangu amechoka. Na nina sharti. Nataka kusikia kila kitu kinachoendelea humo ndani."

"Utasikia zaidi kuliko unavyodhani," alisema daktari.

Upasuaji wenyewe alikuwa macho. Kichwa kilikuwa kimenyolewa na kufungwa kwenye fremu ya chuma kwa skrubu nne, ambazo Fundi alizikagua kwenye kioo cha dirisha na kuzipasisha. Dawa zake zilikuwa zimesimamishwa tangu jana yake, ili ugonjwa ujioneshe bila haya, na mkono ulikuwa unapiga kwenye godoro kama mgeni aliyechelewa anavyogonga mlango. Waya ungeingia upande wa kushoto wa kichwa kwa ajili ya mkono wa kulia. Alipoambiwa hivyo aliguna kwamba aliyefunga nyaya za binadamu alizivusha bila sababu. Ganzi ilikuwa kwenye ngozi tu. Ubongo hausikii maumivu, na Fundi alipotobolewa alisikia mtetemo wa drili, akauliza ni ya wati ngapi.

Daktari mpasuaji alikuwa mtu mkubwa asiyependa maongezi. Alishusha sindano ya kusikilizia, nyembamba kuliko unywele, milimita kwa milimita, na sauti za seli zikatoka kwenye spika iliyowekwa juu ya kabati. Kwanza mchakacho wa hapa na pale. Kisha kimya. Kisha, ghafla, kelele nzito isiyokoma, mvua ya mawe juu ya bati.

"Daktari," alisema Fundi Koili kutoka kwenye fremu, "hiyo beringi imekwisha."

Mpasuaji alisimama. "Mgonjwa amechanganyikiwa?"

"Hapana," alisema daktari wa mishipa, aliyeketi karibu na mkono wa mgonjwa. "Mgonjwa yuko sahihi. Tumeingia kwa Mchochezi."

Sindano ilishuka kidogo zaidi. Ndani ya mvua ile pakazuka kitu kingine: vishindo vilivyokuja kwa mafungu, du-du-du-du-du, kama mara tano kwa sekunde. Fundi alisikiliza. Alikuwa amesikiliza mota kwa miaka thelathini na minane, na masikio yake hayakuwa na Parkinson. Aligeuza macho kadiri fremu ilivyomruhusu, akautazama mkono wake kwenye godoro.

Mkono ulipiga pamoja na spika. Pigo kwa pigo, bila kupitana.

"Ah," alisema. Hata mpasuaji aliinua uso. "Mlikosea kuiita breki iliyokaza. Hiyo ni kontakta, swichi ya kuwashia mota, inayogongagonga. Umeme wake mbaya, hajui akamate au aachie. Anakamata, anaachia, anakamata, anaachia. Mota iliyofungwa humo haisimami wala haizunguki. Inadunda."

Daktari aliegemea karibu na sikio lake. "Ndicho mchoro wangu ulichokosa. Seli hizi zilitakiwa kila moja iseme lake kwa wakati wake. Dopamini ilipopungua hazikuongeza kelele tu, zilianza kupiga pamoja. Mdundo huo unavuka hadi kwenye mzunguko mwingine, unaopitia ubongo mdogo wa nyuma, na wengi tunadhani huko ndiko unakokuzwa mpaka mkono. Wanaanzisha hawa, wanaongeza sauti wale."

"Na umeme wenu?"

"Subiri usikie."

Sindano ikatolewa, waya wa kudumu ukashushwa mahali pake, mashine ya majaribio ikawashwa. Mara ya kwanza umeme ulimwagikia nyaya za jirani zinazokwenda usoni. Mdomo ulivutika upande na ulimi ukawa mzito, na alipotaka kulalamika akatoa sauti ya mtu mwenye viazi mdomoni. "Sio hapo," alisema mpasuaji, maneno yake marefu kuliko yote ya asubuhi ile. Wakahamia nukta nyingine ya waya. Voliti ikapanda kidogo. Ikapanda kidogo.

Mkono ukatulia.

Haukupungua taratibu kama mtu anayechoka. Ulipiga, ukapiga, ukaacha. Ulilala kwenye godoro, kiganja juu, vidole vimejikunja kidogo, mkono wa mzee yeyote aliyepumzika. Fundi Koili, ambaye hakuwa amenyamaza tangu drili, aliutazama tu. Machozi yalimtoka yakaingia masikioni, kwa sababu fremu haikumruhusu kuyaelekeza kwingine.

"Ni mapigo mia moja na thelathini kwa sekunde," alisema daktari baadaye kidogo. "Sawasawa, bila kuchoka. Hatumchochei Mchochezi azidi, wala hatumzimi kabisa. Tunaufunika mdundo ule mbaya kwa kitu kisicho na ujumbe wowote."

Fundi alifikiri. "Watu mia wakipiga makofi pamoja," alisema, sauti ikikwaruza, "ukamwekea kila mmoja ngoma ya kasi sikioni, hawawezi tena kufuatana. Makofi yanaweza kuendelea, ila paa halitikisiki."

"Naomba niyatumie hayo darasani," alisema daktari.

"Ukiyatumia, sema yametoka kwa fundi wa mota."

Betri iliwekwa kifuani siku hizohizo, lakini ingewashwa baada ya wiki nne, uvimbe ukishapungua. Daktari alimwonya. Kuingia kwa waya peke yake kunaituliza sehemu ile kidogo, kwa hiyo mkono unaweza kutulia bila umeme wowote, kisha ukarudi. Usifurahi mapema, usihuzunike mapema. Fundi aliitikia vizuri sana, na alipofika nyumbani mkono umetulia akasahau neno zima. Alitangaza mtaani kwamba amepona hata kabla ya kuwashwa, na kwamba betri ni mapambo tu. Alikunywa chai hadharani, kikombe kimejaa pomoni. Siku ya kumi na moja alikwenda kwenye mkutano wa mtaa kujiuzulu kamati ya maji taka.

Alijiandaa. Alikaa mstari wa pili, kiwiko kwenye mgongo wa kiti cha mbele kwa mazoea, akisubiri zamu yake aeleze kwa utulivu jinsi kosa lile lilivyotokea. Mwenyekiti alikuwa akishukuru uongozi uliopita na kuuliza kama upo tayari kuendelea. Hapo kidole gumba kikamgusa cha shahada, mara moja, halafu tena. Fundi Koili alikitazama kwa chuki. Kabla hajakikalia, mkono mzima ulikuwa juu unapunga, na ukumbi ulikuwa umesimama kwa makofi.

"Muhula mwingine," alimwambia mkewe mlangoni. Jioni ile alimtilia chai nusu kikombe, naye aliipokea. Siku zote zilizobaki hakugusa waya wa shaba. Alimwambia mkewe kitandani kwamba anaogopa, kwamba huenda alichokiona kwenye chumba cha upasuaji kilikuwa cha mara moja tu, na mkewe akamwambia hata yeye anaogopa.

Siku ya kuwasha, daktari aliweka kifaa juu ya kifua chake na kupandisha umeme hatua kwa hatua, akiuliza kila hatua: ganzi, mdomo, macho. Akampa karatasi achore duara linalojizungusha kutoka katikati kwenda nje, kipimo chao cha kawaida. La kwanza, kabla ya umeme, lilikuwa msumeno. La pili lilikuwa na mawimbi. Kwenye la tatu mawimbi yalilala.

Fundi aliigeuza karatasi ile upande wa pili bila kuombwa. Akachora Mapokezi, Msimamizi, Mchochezi, Breki na Lango, mistari imenyooka, njia fupi na njia ndefu, kila panapozima na kila panapochochea. Kisha juu ya Mchochezi akachora alama ya kontakta inayogonga, na kutoka humo mstari wa nukta kwenda ubongo wa nyuma, pembeni akaandika: hapa bado wanabishana. Chini akatia sahihi yake, herufi zote zikiwa zimekaa.

"Sasa ni mchoro," alisema.

Daktari aliubandika ukutani, na aliyeingia baadaye kutibiwa alidhani ni wa lifti ya hospitali.

Stata ya kwanza ilimchukua siku mbili. Ilikuwa ya pampu ya shule ileile, iliyoungua mara ya tatu kwa sababu ya mlinzi anayeiwasha kisima kikiwa kikavu. Fundi alihesabu kila mzunguko kwa sauti, makusudi, ili asikike hadi kwenye cherehani. Alasiri alimeza kidonge, ambacho sasa kilikuwa nusu ya zamani, akalala, akaamka, akakimbilia mezani kuangalia. Koili zilikuwa kama alivyoziacha. Moja ilikuwa imepinda kidogo, na aliipenda kwa kupinda kwake.

Zikabaki ncha za kufungwa kwa uzi. Alichukua uzi, akautazama, akaurudisha.

"Mama," aliita. "Njoo ufunge."

Mkewe hakuinuka. "Si mkono umepona?"

"Umepona. Haukupelekwa kujifunza kushona."

Mlango wa karakana ulikuwa wazi na wateja wawili walikuwa wameketi kwenye benchi, mmoja wao yule wa pampu ya shule. Mkewe aliwatazama, akamtazama mumewe. Kisha akasogeza kigoda chake hadi mezani, akatunga uzi kwenye sindano kubwa na kuanza kufunga, pigo chini ya pigo.

"Kumbe ni mama anayefunga hizi?" aliuliza mwenye pampu.

"Ni yeye," alisema Fundi Koili. "Na zile ulizozisifu alisuka yeye zote, kuanzia waya wa kwanza."

Stata ilikuwa inateleza mezani kila sindano ilipovutwa. Fundi aliishika kwa mkono wa kulia ili mkewe ashone, akaishika mpaka mwisho, na haikutikisika.